Takwimu Rasmi, Ripoti ya Soko au Hesabu ya Uwanjani: Ipi Ibebe Makadirio ya Soko Katika Mpango wa Biashara wa Mwanafunzi

Katika mpango wa biashara ulioandikwa kama kazi ya darasani, sentensi inayoanguka mapema zaidi msomaji anapouliza "umejuaje?" ni ile inayotaja ukubwa wa soko. Tuchukue mpango wa kuanzisha huduma ya kufua nguo kwa wakazi wa mabweni ya wanafunzi, ambao rasimu yake ya kwanza inasema hivi: "Soko la huduma za udobi linakua kwa kasi, wanafunzi wengi hawana muda wa kufua, na tukipata asilimia 1 tu ya soko hilo biashara itapata faida tangu mwaka wa kwanza." Sentensi hiyo ni moja, lakini ndani yake mna madai manne: kwamba soko linakua, kwamba wanafunzi wengi hawana muda, kwamba asilimia 1 inapatikana kwa urahisi, na kwamba asilimia hiyo inatosha kuleta faida. Hakuna hata dai moja kati ya hayo lililoegemea ushahidi, na kila moja linahitaji ushahidi wa aina yake.

Mwanafunzi anayetaka kuigeuza rasimu hiyo kuwa andiko la kitafiti ana njia tatu za kupata makadirio ya soko. Anaweza kuanza na takwimu rasmi za taifa na kuzipunguza hatua kwa hatua mpaka afike kwa wateja wake. Anaweza kunukuu ripoti ya kampuni ya utafiti wa soko. Au anaweza kwenda uwanjani, kuhesabu wateja mahali walipo na kujenga makadirio kutoka chini kwenda juu. Nitazipima njia hizi kwa kutumia mfano huohuo wa udobi. Tarakimu za mfano ni za kuonyesha hesabu tu na hazitoki katika mji au chuo chochote, lakini taratibu zake ndizo zinazofuatwa katika kazi halisi.

Kabla ya kuchagua njia, rasimu yote inapaswa kusomwa upya sentensi kwa sentensi, na kila dai litiwe alama moja kati ya tatu: ukweli wenye chanzo, hesabu ya mwandishi mwenyewe, au dhana. Dai lisiloweza kupata alama hata moja linafutwa. Kazi hii huchukua saa moja au mbili kwa mpango wa kurasa 20, na mara nyingi huonyesha kwamba madai yenye kuhitaji ushahidi mzito hayazidi 10 au 15, kwa kuwa mengine ni mapambo tu. Dhana si kosa, kwa sababu mpango wowote unaohusu siku zijazo lazima uwe nazo. Kosa ni kuiandika dhana kana kwamba ni ukweli.

Njia ya kwanza: takwimu rasmi, kutoka juu kwenda chini

Takwimu rasmi ni zile zinazotolewa na ofisi ya taifa ya takwimu, benki kuu, wizara na mashirika ya kimataifa kama Benki ya Dunia. Nguvu yake kubwa ni kwamba mbinu ya ukusanyaji huchapishwa pamoja na matokeo, kwa hiyo msomaji anaweza kujua waliohojiwa ni akina nani, walichaguliwa vipi na katika miezi gani. Kwa mpango wa biashara, vyanzo viwili ndivyo vyenye manufaa zaidi: sensa ya watu, inayotoa idadi ya watu kwa umri na eneo, na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, unaoonyesha watu wanatumia fedha zao kwa vitu gani.

Ugumu huanza mwanafunzi anapotaka kuifikisha takwimu ya taifa kwenye biashara yake. Matumizi ya kaya hupangwa kwa mfumo wa kimataifa uitwao COICOP, na ndani ya mfumo huo huduma ya kufua nguo imo katika kundi 03.1.4, pamoja na ukarabati na ukodishaji wa nguo. Anayechukua jumla ya kundi hilo na kuiita "soko la udobi" amehesabu pia kazi za mafundi wa kushona viraka na maduka ya kukodisha suti za harusi. Mfumo wa kupanga shughuli za kiuchumi, ISIC, ni mwembamba zaidi katika jambo hili, kwa sababu toleo lake la nne linazipa shughuli za kufua na kusafisha nguo namba yake, 9601. Hata hivyo takwimu za ISIC huhesabu biashara na wafanyakazi, hazihesabu wateja, na katika nyingi ya tafiti hizo biashara ndogo zisizosajiliwa huachwa nje.

Kuna kasoro ya ndani zaidi, na naiona kuwa ndiyo yenye kuamua katika mfano wetu. Tafiti za matumizi ya kaya kwa kawaida huhoji kaya za kawaida, na huwaacha nje watu wanaoishi katika taasisi kama kambi, hospitali na mabweni. Maana yake ni kwamba takwimu ambayo mwanafunzi anataka kuitumia kukadiria soko la wakazi wa mabweni inaweza kuwa haikumhoji mkazi hata mmoja wa bweni. Jambo hili halionekani kwenye jedwali lenyewe. Huonekana katika sura ya mbinu, chini ya maelezo ya idadi ya watu iliyolengwa, na sura hiyo ndiyo ambayo wanafunzi wengi huiruka.

Hata hivyo kuna madai ambayo takwimu rasmi ndizo zinazoyafaa, na mojawapo ni uwezekano wa biashara mpya kudumu. Mipango mingi hurudia kwamba biashara tisa kati ya kumi hufa katika mwaka wa kwanza, bila chanzo chochote. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, iitwayo Bureau of Labor Statistics, hufuatilia maeneo ya biashara yenye waajiriwa tangu yanapofunguliwa, na kwa miaka mingi takwimu zake zimeonyesha kwamba karibu moja ya tano hufungwa ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu huwa yamefungwa kufikia mwaka wa tano. Mwandishi makini anaweza kuitumia takwimu hiyo ili kuukanusha uvumi, mradi aseme waziwazi kwamba ni ya Marekani na kwamba haihusu biashara zisizo na waajiriwa. Kuihamishia nchi nyingine kimyakimya ni kuleta dai lingine lisilo na ushahidi mahali pa lile la kwanza.

Jambo jingine la kuangalia ni mahali takwimu ilikozaliwa. Kiwango cha mfumuko wa bei kinachopatikana katika hifadhidata ya Benki ya Dunia kwa namba `FP.CPI.TOTL.ZG` kimetoka kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiwango cha ukosefu wa ajira chenye namba `SL.UEM.TOTL.ZS` ni makadirio ya kimahesabu ya Shirika la Kazi Duniani, kwa hiyo kinaweza kutofautiana na matokeo ya utafiti wa nguvukazi uliofanywa na ofisi ya takwimu ya nchi husika. Kwenye ukurasa wa kila kipimo pana maelezo yanayotaja chanzo na mbinu, na dakika mbili za kuyasoma zinatosha kumwezesha mwanafunzi kuandika "makadirio" pale anapopaswa kuandika "makadirio".

Njia ya pili: ripoti za kampuni za utafiti wa soko

Njia hii huvutia kwa sababu jibu linapatikana mara moja. Mwanafunzi anaandika jina la bidhaa kwenye mtandao pamoja na maneno "ukubwa wa soko", na ndani ya sekunde chache anapata sentensi inayosema kwamba soko la dunia lilikuwa na thamani fulani, litafika thamani fulani baada ya miaka kadhaa, na litakua kwa asilimia fulani kila mwaka. Anachokisoma si ripoti. Ni tangazo la kuiuza ripoti, ambayo yeye hajaiona, na ambayo mbinu yake haikuelezwa katika tangazo. Hajui kama thamani hiyo ni mauzo ya huduma au ya mashine za kufulia, wala kama hospitali na hoteli zimejumuishwa. Anayeandika kwamba chanzo chake ni ripoti hiyo anataja kitu ambacho hakukisoma.

Kuna jaribio moja rahisi ambalo ningependa kila mwanafunzi alifanye kabla ya kunukuu tangazo la aina hii, nalo ni kuangalia kama tarakimu zake tatu zinapatana. Tuseme tangazo linadai kwamba soko litatoka 40 hadi 75 katika miaka 5 kwa ukuaji wa asilimia 8 kwa mwaka. Kiwango cha ukuaji hupatikana hivi:

```
(mwisho ÷ mwanzo)^(1 ÷ miaka) − 1
(75 ÷ 40)^(1 ÷ 5) − 1 = 0.134
```

Ukuaji unaohitajika ni asilimia 13.4. Kwa asilimia 8, 40 ingefika takriban 59 tu. Tarakimu hizo tatu haziwezi kuwa za kweli zote kwa pamoja, na hakuna haja ya kununua ripoti ili kuligundua hilo. Hata zikipatana, jaribio linathibitisha tu kwamba hesabu imefanywa sawasawa, halithibitishi kwamba ile 40 ya mwanzo ilipatikana kwa njia ya kuaminika.

Tovuti zinazokusanya takwimu kutoka vyanzo vingi zina hadhi tofauti kidogo. Kila jedwali lao kwa kawaida hutaja chanzo cha awali chini yake, na kazi ya mwanafunzi ni kukifuata chanzo hicho, kukisoma, na kukinukuu chenyewe. Akikuta kwamba chanzo cha awali ni "makadirio ya tovuti yenyewe", amerudi kwenye tatizo la tangazo. Maktaba ya chuo ikiwa imelipia ripoti kamili, na mwanafunzi akaisoma pamoja na sura ya mbinu, basi ni halali kuitumia kueleza mwelekeo wa sekta, kwa mfano kuenea kwa huduma za kuchukua nguo mlangoni. Lakini kuhusu wakazi wangapi wa mabweni matatu watalipia kufuliwa nguo, ripoti ya dunia nzima haina la kusema.

Njia ya tatu: hesabu ya uwanjani, kutoka chini kwenda juu

Hapa mwanafunzi haanzi na dunia wala taifa. Anaanza na watu ambao biashara yake inaweza kuwafikia kwa miguu. Tuseme mabweni hayo matatu yana wakazi 1,240 kwa mujibu wa rejesta ya ofisi ya malazi, iliyosomwa tarehe inayotajwa katika andiko. Hiyo 1,240 ni ukweli wenye chanzo, na tayari ina uzito kuliko tarakimu yoyote ya tangazo, kwa kuwa msomaji akitaka anaweza kwenda kuuliza.

Hatua ya pili ni kuchagua watu wa kuhoji. Njia iliyozoeleka ni kutuma kiungo cha hojaji kwenye makundi ya simu na kungoja majibu, na matokeo yake ni kwamba wanaojibu ni marafiki wa mwandishi, marafiki wa marafiki, na wale ambao mada imewagusa. Mtu asiyewahi kufikiria kulipia udobi hana sababu ya kuijaza. Njia iliyo bora, ambayo haigharimu fedha yoyote, ni sampuli ya mpangilio: mwanafunzi anachukua orodha ya wakazi, anabahatisha namba ya kuanzia kati ya 1 na 15, kisha anamchagua kila mtu wa 15. Kwa orodha ya 1,240 atapata watu 82 au 83. Ofisi ikikataa kutoa majina, orodha ya vyumba inaweza kutumika kwa namna ileile, na faragha ya wakazi italindwa vizuri zaidi. Majina ya waliohojiwa hayaandikwi kwenye hojaji, na kila mmoja anaombwa ridhaa kwanza.

Tuseme alichagua watu 82, akawapata 74 baada ya kurudi mara tatu kwa wasiokuwepo. Aliwauliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa: "Je, ungetumia huduma ya kufuliwa nguo kama ingekuwapo hapa bwenini?" Waliosema ndiyo ni 52, sawa na asilimia 70. La pili lilikuwa: "Katika siku 14 zilizopita, umemlipa mtu yeyote akufulie nguo? Kama ndiyo, mara ngapi?" Waliolipa ni 19, sawa na asilimia 25.7, na kwa pamoja walilipia mafungu 28 ya nguo.

Tofauti kati ya 52 na 19 ndiyo inayotenganisha mpango unaoaminika na usioaminika. Swali la kwanza halimgharimu anayejibu chochote, na adabu inamsukuma aseme ndiyo mbele ya mwenzake anayefanya kazi ya darasa. Swali la pili linauliza jambo lililokwisha kutendeka na fedha iliyokwisha kutoka mfukoni. Kwa hiyo makadirio ya soko yajengwe juu ya wale 19. Wale 52 wanaweza kutajwa, kwa masharti kwamba waitwe "waliosema wangependa" na wasiitwe wateja.

Sasa hesabu. Sampuli ya watu 74 haiwezi kutoa jibu la nukta moja, kwa hiyo mwandishi anatafuta mipaka ya makosa ya sampuli kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, p ikiwa sehemu ya waliolipa na n idadi ya waliohojiwa:

```
1.96 × √( p × (1 − p) ÷ n )
1.96 × √( 0.257 × 0.743 ÷ 74 ) = 0.0996
```

Mipaka ni asilimia 10 juu na chini, yaani wanaolipia udobi ni kati ya asilimia 16 na 36 ya wakazi. Kwa wakazi 1,240, hao ni watu 198 hadi 446, na makadirio ya kati ni 318. Kila mlipaji alilipia wastani wa mafungu 1.47 katika siku 14, kwa hiyo soko lote lililopo sasa katika mabweni hayo ni mafungu 234 kwa wiki kwa makadirio ya kati, 146 kwa makadirio ya chini na 329 kwa ya juu. Andiko liseme pia kwamba idadi ya mafungu kwa kila mtu nayo inabadilika kutoka sampuli moja hadi nyingine, na hivyo mipaka ya kweli ni mipana kidogo kuliko hiyo.

Wale wanane wasiopatikana hawapaswi kutoweka kimya. Kama wote wanane hawalipii udobi, asilimia inashuka hadi 23.2. Kama wote hulipia, inapanda hadi 32.9. Zote mbili zimo ndani ya mipaka iliyokwisha kutajwa, kwa hiyo hitimisho halibadiliki, na sentensi mbili za kulieleza hilo zinatosha. Kadhalika, mwandishi alinganishe sura ya sampuli na rejesta: rejesta ikionyesha kwamba wanawake ni asilimia 45 ya wakazi, na sampuli ikawa na wanawake asilimia 70, kuna jambo limeharibika katika uchaguzi wa watu, na linapaswa kurekebishwa kabla ya kuendelea na hesabu.

Yaliyofichwa na ile asilimia 1

Faida kubwa ya njia ya tatu huonekana pale makadirio ya soko yanapokutana na uwezo wa biashara. Mwanafunzi amepima kwa mizani mafungu kadhaa ya nguo na kupata wastani wa kilo 4. Mashine anayokusudia kununua inachukua kilo 8 kwa mzunguko, na kwa mizunguko 10 kwa siku inaweza kufua mafungu 20, au 120 kwa wiki ya siku sita. Ili kuitumia mashine hiyo kikamilifu, anahitaji mafungu 120 kati ya 234, yaani asilimia 51 ya soko lote lililopo, na kwa makadirio ya chini anahitaji asilimia 82. Rasimu ilisema asilimia 1. Hesabu ya uwanjani inaonyesha kwamba mpango uleule, kwa mashine ileile, unadai kulichukua zaidi ya nusu ya soko kutoka kwa madobi ambao wakazi wameshawazoea.

Asilimia 1 ya soko kubwa husikika kama unyenyekevu, lakini haielezi ni mteja gani, anayeishi wapi, atamwacha nani. Kwa maoni yangu sentensi ya aina hiyo iondolewe kabisa, na mahali pake paandikwe sehemu ya soko ambayo biashara inaihitaji ili isipate hasara. Kubashiri sehemu utakayoipata ni dhana, lakini sehemu unayoihitaji ni hesabu, na hesabu inaweza kukaguliwa.

Ifanyike hivi. Gharama zisizobadilika za mwaka zinakusanywa kutoka kwenye ankara kifani na mikataba ya pango yenye tarehe. Kwa kila fungu, gharama za sabuni, maji na umeme zinatolewa kwenye bei, kisha gharama zisizobadilika zinagawanywa kwa kinachobaki. Tuseme jibu ni mafungu 1,760 kwa mwaka. Wanafunzi wengi wangegawa kwa wiki 52 na kupata mafungu 34 kwa wiki, lakini kalenda ya chuo inaonyesha kwamba mabweni huwa na wakazi kwa wiki 32 tu. Kwa hiyo mafungu yanayohitajika ni 55 kwa wiki za masomo. Kosa hilohilo kwa upande wa mauzo lingelivimbisha soko kutoka mafungu 7,488 kwa mwaka hadi 12,168, na hakuna takwimu ya taifa ambayo ingelionyesha.

Mafungu 55 ni asilimia 24 ya soko kwa makadirio ya kati, asilimia 38 kwa ya chini na asilimia 17 kwa ya juu. Hapo msomaji anaona jambo analoweza kulijadili: je, huduma mpya inaweza kupata kati ya moja ya sita na zaidi kidogo ya theluthi ya wanaolipia udobi sasa? Mwanafunzi mwenye muda anaweza kuanza kulijibu kwa jaribio la wiki mbili katika bweni moja, akikodi mashine na kupokea malipo halisi, kisha akaripoti idadi ya mafungu yaliyolipiwa. Asiye na muda anaandika kwamba swali hilo halijajibiwa, na anataja jaribio hilo kama hatua ya kwanza kabla ya kununua mashine.

Uamuzi unategemea mteja yuko wapi

Kwa biashara ambayo wateja wake wako mahali pamoja panapojulikana, kama ilivyo katika mfano wetu, hesabu ya uwanjani ndiyo ibebe makadirio. Takwimu rasmi zinabaki na kazi ya ukaguzi: idadi ya vijana wa umri wa chuo katika sensa, mfumuko wa bei wa kurekebishia gharama za mwaka wa pili na wa tatu, na takwimu za uhai wa biashara kwa sura ya hatari. Ripoti ya soko haina nafasi katika makadirio hayo.

Biashara inayouza kwa nchi nzima, kwa mfano programu ya simu ya kuweka hesabu za wafanyabiashara wadogo, inageuza mpangilio. Mwanafunzi hawezi kuchukua sampuli ya wafanyabiashara wa taifa zima, kwa hiyo takwimu rasmi zinakuwa uti wa mgongo, na kazi ya uwanjani inashuka hadi mahojiano 15 au 20 ya kuelewa tatizo. Mahojiano hayo yanaeleza sababu na lugha ya wateja, lakini hayazai asilimia. Andiko linalosema "asilimia 80 ya wafanyabiashara wanahitaji programu hii" kwa kuwa 12 kati ya 15 walisema hivyo limerudi mahali rasimu ilipoanzia. Liseme "12 kati ya wafanyabiashara 15 tuliowahoji", na lieleze walivyopatikana.

Ikiwa njia mbili zinatoa majibu yanayopishana, yote mawili yaandikwe. Tofauti ya mara moja na nusu au mbili ni ya kawaida, na mara nyingi huelezwa na mipaka ya kundi linalohesabiwa. Tofauti ya mara kumi inaonyesha kwamba njia mojawapo imehesabu kitu kingine, kama lile kundi la COICOP linalochanganya udobi na ukarabati wa nguo. Kuchukua wastani wa majibu mawili yaliyopishana hivyo kunaficha kosa bila kulirekebisha.

Kuhusu muda, njia ya uwanjani iliyoelezwa hapa inahitaji takriban wiki mbili kwa kundi la wanafunzi wanne: siku mbili za kupata rejesta na ruhusa, siku moja ya kuijaribu hojaji kwa watu watano wasio katika sampuli, wiki moja ya kuhoji, na siku zilizobaki za kuhesabu. Kundi lililobakiwa na siku tatu lisijidanganye kwamba litafanya sampuli ya mpangilio. Litumie takwimu rasmi, likiri mapungufu yake kwa majina, na liache nafasi ya sehemu ya soko ikiwa dhana iliyotangazwa.

Aya ya soko ya rasimu yetu, baada ya kazi hiyo, inasomeka hivi: "Mabweni matatu yana wakazi 1,240 (rejesta ya ofisi ya malazi, ilisomwa wiki ya pili ya muhula). Katika sampuli ya mpangilio ya wakazi 82, ambao 74 kati yao walihojiwa, 19 walikuwa wamelipia kufuliwa nguo katika siku 14 zilizotangulia. Kwa msingi huo tunakadiria soko lililopo kuwa mafungu 234 kwa wiki ya masomo, kwa mipaka ya 146 hadi 329. Biashara inahitaji mafungu 55 kwa wiki kwa wiki 32 ili isipate hasara, yaani asilimia 17 hadi 38 ya soko hilo. Hatuna ushahidi kwamba sehemu hiyo inapatikana. Tunapendekeza jaribio la wiki mbili katika bweni moja, na mashine inunuliwe tu iwapo jaribio litaleta angalau mafungu 18 kwa wiki, ambayo ni theluthi ya kiwango kinachohitajika."